Ripoti ya wiki ya gharama ya chakula mgahawani: jinsi ya kuzifuata kilo nane za kuku zilizopotea

Mhasibu wa mgahawa akiulizwa gharama ya chakula ilikuwa kiasi gani wiki iliyopita, mara nyingi hujumlisha ankara za wiki, akagawanya kwa mauzo, akatoa asilimia. Namba hiyo haina kazi. Wiki uliyojaza stoo itaonekana mbaya, na wiki uliyokula akiba itaonekana nzuri, ilhali jikoni hakuna kilichobadilika. Hapa nitaeleza ripoti ninayoitengeneza mwenyewe kila Jumatatu asubuhi. Ina namba chache tu, lakini inaonyesha chakula kilichotumika, kilichopaswa kutumika, kilichotupwa, na kile kisichojulikana kimekwenda wapi.

Mfano nitakaoutumia ni wa mgahawa mdogo ambao sehemu kubwa ya mauzo yake inatokana na kuku. Thamani nimeziandika bila sarafu. Weka za kwako.

1. Chora mpaka wa wiki, kisha usiusogeze

Wiki yangu huanza Jumatatu na kuisha Jumapili jikoni linapofungwa. Stoo inahesabiwa usiku huohuo, kabla ya mzigo wa Jumatatu kushuka. Ukiona kazi ya usiku ni nzito, hesabu Jumatatu alfajiri, mradi hakuna aliyewasha jiko wala aliyepokea mzigo.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu makosa mengi ya ripoti hizi huanzia kwenye mpaka, wala si kwenye hesabu. Chukua gunia lililopokelewa Jumapili jioni. Likihesabiwa stoo usiku, halafu ankara yake ikaingizwa Jumatatu kama manunuzi ya wiki mpya, basi wiki iliyokwisha itakuwa na bidhaa ambayo haijanunuliwa. Gharama yake itaonekana ndogo kuliko ilivyo, na wiki inayofuata itaonekana kubwa kwa kiasi kilekile. Kwa hiyo manunuzi yaandikwe kwa tarehe mzigo ulipopokelewa. Siku ya kulipa ni jambo la kitabu kingine.

2. Andika manunuzi ya chakula peke yake

Fungua jedwali kwenye kompyuta, na laha ya kwanza uiite Manunuzi. Safu zake ni hizi kwa mpangilio: tarehe ya kupokea, muuzaji, bidhaa, kizio, kiasi, bei ya kizio, jumla. Kila bidhaa iliyo kwenye ankara ipate mstari wake. Kuandika jumla ya ankara nzima kwenye mstari mmoja kunaokoa dakika tano leo, lakini utakapotaka kujua kuku wangapi waliingia utalazimika kurudi kwenye makaratasi.

Sabuni, gesi, karatasi za kufungia na vinywaji vya baa visiingie humu. Mzigo uliorudishwa kwa muuzaji uandike kama mstari wenye alama ya kutoa. Usisahau vitu vidogo vilivyonunuliwa kwa fedha taslimu za dharura, kama nyanya zilizoisha katikati ya kazi au mayai ya jioni. Risiti zake hubaki mfukoni mwa mtu hadi zinafutika maandishi. Mimi nimeweka kopo kando ya sanduku la fedha, na anayerudi na bidhaa bila risiti anaandika mwenyewe kwenye kikaratasi na kukitumbukiza humo.

Seli B1 ya laha ya ripoti iwe na tarehe ya Jumatatu, B2 ya Jumapili. Jumla ya manunuzi inapatikana hivi:

```
=SUMIFS(Manunuzi!G:G, Manunuzi!A:A, ">="&B1, Manunuzi!A:A, "<"&B2+1)
```

Ile `B2+1` ina sababu. Mfumo ukiwa unaandika tarehe pamoja na saa, sharti la `"<="&B2` litaacha nje mizigo yote ya Jumapili bila kukuonyesha kosa lolote. Kompyuta yako ikiikataa fomula, jaribu kuweka nukta-mkato mahali pa koma. Inategemea mipangilio ya lugha.

3. Hesabu stoo kwa watu wawili

Mmoja anahesabu na kutamka, mwingine anaandika. Orodha ifuate rafu zilivyopangwa, kutoka mlangoni hadi friji ya mwisho, na si alfabeti. Anayefuata alfabeti hukimbia huku na huko, mwisho anahesabu boksi moja mara mbili na kuruka jingine. Vyakula vilivyokwisha kuandaliwa, kama mchuzi uliopikwa na nyama iliyotiwa viungo, navyo ni stoo. Vikadirie kwa bidhaa zilizomo.

Laha ya pili iite Stoo. Safu D iwe kiasi kilichohesabiwa, safu E bei ya kizio kutoka ankara ya karibuni zaidi. Hakikisha kizio ni kilekile pande zote mbili. Kama bei ni ya boksi na ulihesabu pakiti, stoo itavimba mara kumi au ishirini.

```
=SUMPRODUCT(Stoo!D2:D80, Stoo!E2:E80)
```

Hiyo ndiyo thamani ya stoo ya mwisho. Stoo ya mwanzo haihesabiwi upya. Ni thamani ileile uliyofungia wiki iliyopita, hata kama bei imepanda tangu siku hiyo. Ukiipigia bei mpya unaongeza gharama ambayo hukuilipa.

4. Pata gharama halisi

Chukua stoo ya mwanzo, ongeza manunuzi, toa stoo ya mwisho. Kinachobaki ndicho chakula kilichotoka stoo. Kisha toa chakula walichokula wafanyakazi, kwa gharama yake ya kununulia, maana hakikuuzwa kwa mtu. Hicho kina mstari wake kwenye matumizi ya wafanyakazi.

Wiki ya mfano wetu ilikuwa hivi:

| Kipengele | Thamani |
|---|---|
| Stoo ya mwanzo | 4,200 |
| Manunuzi | 13,100 |
| Stoo ya mwisho | 3,800 |
| Kilichotoka stoo | 13,500 |
| Chakula cha wafanyakazi | 600 |
| Gharama halisi | 12,900 |

Mauzo ya chakula yalikuwa 37,500. Gawanya 12,900 kwa 37,500, unapata asilimia 34.4.

Hayo 37,500 ni mauzo ya chakula tu, baada ya kutoa kodi ya mauzo, tozo ya huduma na punguzo alilopewa mteja. Watu wengi hujidanganya hapa bila kujua. Tuseme kodi ni asilimia 20, na umechukua jumla ya risiti zote, yaani 45,000. Asilimia itashuka hadi 28.7 na kila mtu atafurahi. Fedha ya kodi si yako, kwa hiyo haiwezi kulipia kuku. Upande wa manunuzi fuata mantiki hiyohiyo: kodi unayorudishiwa na serikali usiihesabu kama gharama, usiyorudishiwa ihesabu.

5. Pata gharama tarajiwa

Wengi huishia kwenye asilimia 34.4, halafu wanaanza kubishana kama ni nyingi au kidogo. Namba hiyo peke yake haiwezi kujibu. Wiki ambayo wateja wameagiza zaidi vyakula vyenye nyama ya bei kubwa, asilimia itapanda hata kama jikoni hakijapotea hata kipande. Unachohitaji ni kujua ilipaswa kuwa ngapi, kwa vyakula vilevile vilivyouzwa wiki hiyo.

Kwa kila chakula kilichopo kwenye menyu andaa kadi ya mapishi yenye kipimo cha kila kiungo kwa sahani moja na gharama yake. Kipimo kiwe cha bidhaa kama inavyonunuliwa. Kama sahani inataka gramu 90 za kitunguu kilichomenywa, na kumenya kunaondoa sehemu moja ya kumi, kadi iseme gramu 100. Kwa njia hiyo maganda na mifupa vimeshalipiwa ndani ya kadi, na havitaandikwa tena kama upotevu.

Laha ya tatu, Mauzo, iwe na jina la chakula, sahani zilizouzwa wiki hiyo kama mashine ya mauzo inavyotoa, na gharama ya sahani moja kutoka kwenye kadi.

```
=SUMPRODUCT(Mauzo!B2:B40, Mauzo!C2:C40)
```

Sahani zilizotolewa bure kwa mteja aliyelalamika nazo zihesabiwe, kwa sababu chakula kilitoka. Zikiwa zimefutwa kwenye mashine bila kuandikwa popote, zitatokea baadaye kama chakula kilichopotea, na mpishi asiye na kosa ndiye atakayeulizwa.

Kwenye mfano wetu gharama tarajiwa ilikuwa 11,550, sawa na asilimia 30.8 ya mauzo. Pengo kati yake na gharama halisi ni 1,350, yaani asilimia 3.6 ya mauzo.

6. Soma daftari la upotevu, lakini usiliongeze juu

Daftari la upotevu liko jikoni, limefungwa kwa kamba kando ya mizani na pipa. Liko pale kwa sababu likikaa ofisini hakuna atakayelifuata. Kinachotupwa kinapimwa kwanza, kisha kinaandikwa: siku, bidhaa, uzito, sababu, jina la aliyetupa. Sababu ziwe chache na zieleweke. Mimi natumia nne: kimeharibika stoo, kimeungua au kimekosewa, kimerudishwa na mteja, kimepikwa zaidi ya kilichouzwa. Nilipoanza nilikuwa nazo kumi na moja. Wapishi wakawa wanachagua ya kwanza kwenye orodha kila mara, na kwa miezi kadhaa niliamini friji yetu ni mbovu.

Thamani ya kilichotupwa ni uzito mara bei ya kununulia. Kuandika bei ya kwenye menyu ni kujihesabia faida ambayo hukuipata.

Wiki ile daftari lilionyesha 520, sawa na asilimia 1.4 ya mauzo. Kosa linalojirudia ni kuchukua 12,900 na kuongeza 520 juu yake. Kilichotupwa kilishatoka stoo, kwa hiyo kimo ndani ya 12,900 tayari. Kazi ya daftari ni kueleza sehemu ya pengo. Pengo ni 1,350, daftari limeeleza 520, linabaki 830, kiasi cha asilimia 2.2 ya mauzo, ambalo halina maelezo.

Wiki ambayo daftari ni tupu kabisa usiipongeze. Jikoni ambalo halikutupa kitu kwa siku saba halijawahi kuwepo. Angalia hicho kiasi kisicho na maelezo: kikiwa kimekua huku daftari limepungua, watu wanatupa bila kuandika. Hutokea sana baada ya mtu kukaripiwa kwa kile alichoandika kwa uaminifu.

7. Fuata bidhaa moja kwa kilo

Huwezi kuitafuta 830 kwenye stoo nzima. Chagua bidhaa tano hadi nane zinazokula fedha nyingi, na kila moja ifanyie hesabu ya kilo badala ya thamani, ili kupanda na kushuka kwa bei kusikuvuruge. Tuangalie kuku.

Stoo ya mwanzo ilikuwa kilo 18, zikanunuliwa 96, zikabaki 14. Zilizotoka ni kilo 100. Ziliuzwa sahani 310, na kadi inasema kila sahani inachukua kilo 0.28, kwa hiyo zilizopaswa kutumika ni kilo 86.8. Daftari la upotevu lina kilo 3.2, wafanyakazi walikula 2. Jumlisha hizo tatu unapata 92. Kilo 8 hazionekani. Kwa bei ya 70 kwa kilo hizo ni 560, yaani zaidi ya nusu ya ile 830.

Kabla hujamshuku mtu, kuna mambo matatu ya kukagua, na mpangilio wake una maana. Kwanza hesabu ya stoo: rudi kwenye friji, angalia kama kuna trei iliyowekwa rafu isiyo yake. Pili upokeaji: je, mzigo ulipimwa kwenye mizani yako, au uliandika uzito uliokuwa kwenye ankara? Kuku wa barafu wakipimwa pamoja na maji na boksi hupungua sana wakiyeyuka. Tatu vipande vinavyowekwa sahanini.

Hesabu na mizigo vilikuwa sawa. Basi siku ya tatu ya wiki mpya nikasimama kando ya meza ya kukatia wakati wa kazi nyingi, nikapima sehemu 20 kabla hazijapikwa. Wastani ulikuwa gramu 305, si 280. Mpishi alikuwa anakata kwa jicho, na jicho lake lilikuwa la ukarimu. Gramu 25 za ziada mara sahani 310 ni kilo 7.75. Kilo nane zikawa zimejieleza zote isipokuwa robo moja.

Uamuzi unaofuata si wa mhasibu. Mwenye mgahawa anaweza kurudisha sehemu kwenye gramu 280, au akaamua kuwa wateja wamezizoea 305, abadili kadi na aangalie bei upya. Pale walichagua kurudi 280. Ikawekwa mizani ndogo mezani, na kipande kimoja cha mfano kikawa kinakatwa kila asubuhi.

8. Tofautisha wiki mbaya na hesabu mbaya

Tuseme usiku wa Jumapili madumu ya mafuta yenye thamani ya 600 yalikuwa nyuma ya mlango na hakuna aliyeyaona. Stoo ya mwisho itapungua kwa 600, na gharama itapanda kwa asilimia 1.6 ya mauzo. Wiki inayofuata madumu yatahesabiwa. Kwa kuwa hayakuwa kwenye stoo ya mwanzo, gharama itashuka kwa 600 ileile. Ukiona asilimia imepanda ghafla, halafu ikashuka chini ya kawaida kwa kiasi kinachokaribiana, na daftari la upotevu halikubadilika, hiyo ni kazi ya hesabu au ya mpaka wa wiki. Hasara ya kweli hairudishi ilichochukua.

Kwa hiyo kando ya namba ya wiki naweka wastani wa wiki nne. Usiupate kwa kujumlisha asilimia nne na kugawanya kwa nne. Jumlisha gharama za wiki zote nne, gawanya kwa mauzo ya wiki zote nne, ili wiki yenye mauzo madogo isivute kama ile kubwa. Makosa ya hesabu hufutana humo, hasara inayojirudia inabaki.

Wiki kamili ya kwanza baada ya mizani kuwekwa mezani, kule kwenye kuku ziliuzwa sahani 300, ambazo ni kilo 84. Stoo ilianza na 14, zikanunuliwa 84, zikabaki 10.5. Zilizotoka ni 87.5. Upotevu ulioandikwa ulikuwa 2.3, wafanyakazi 1. Zilizokosa maelezo ni kilo 0.2, kiasi ambacho hata mizani inaweza kukosea.

Lakini bado kulikuwa na kiasi cha 250 kisicho na maelezo, karibu sawa na kile kilichobaki wiki ya kwanza baada ya kutoa kuku. Hakikupanda wala hakikugeuka. Kitu kinachojirudia kwa kiasi kilekile, wapishi wakiwa zamu tofauti, kwa kawaida kinatoka kwenye kadi za mapishi zenyewe. Tulizipitia moja moja. Mafuta ya kukaangia hayakuwa kwenye kadi hata moja, kwa sababu hayapimwi kwa sahani: yanamiminwa kwenye kikaangio na kubadilishwa yakichoka. Mafuta ya wiki yalikuwa na thamani ya 240, sahani zilizokaangwa ni 400, kwa hiyo kila kadi ya chakula cha kukaanga ikaongezwa 0.6. Wiki ile ya kwanza ikihesabiwa upya kwa kadi hizo, gharama tarajiwa inakuwa 11,790, asilimia 31.4 badala ya 30.8.